Ukifuta aya kwenye kiapo, kagua na uthibitisho

Kwa mnaoandaa viapo hapa Mtwara: ukifuta aya moja, namba zinasogea, lakini zile zilizotajwa kwenye uthibitisho mwishoni, unaosema aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa, hazisogei zenyewe. Tuseme mkulima wa Newala anaapa kuhusu shamba lake la mikorosho. Aya ya 3 ikiondolewa, aya ya 6, yenye habari alizopewa na jirani, inakuwa ya 5. Uthibitisho usiporekebishwa, ameapa kwamba ya kuambiwa anayajua mwenyewe, na wakili wa upande wa pili hapo ndipo atakapoanzia.

Halafu soma kwa sauti. "Mwapaji alinunua" ikijitokeza katikati ya "mimi", iwe "nilinunua". Ila umiliki unaoendelea uache "ninamiliki". Ukiandika "nilimiliki", umeshaligawa shamba.