Kabla hujatupa kopo la dawa ya mbu: jinsi ya kulimaliza gesi

Nasimamia uzoaji wa taka hapa Dar es Salaam. Katika kila kiroba tunachobeba, kitu ninachowaambia vijana wakiangalie kwanza ni kopo la kupulizia: la dawa ya mbu, la manukato ya kwapa, la rangi. Mwenye nyumba ameshaliona limekwisha, na taka zake labda zitachomwa uani au zitakutana na moto dampo.

Kinachosukuma dawa nje ya kopo, mara nyingi, ni butane na propane, gesi zilezile za mtungi wa kupikia. Zimegandamizwa mpaka zikawa maji. Maadamu yamebaki matone ya maji hayo, msukumo ndani haupungui hata kama dawa yenyewe haitoki tena. Kijiko kimoja cha chai cha butane ya maji hugeuka kuwa zaidi ya lita moja ya gesi, na gesi hiyo ikichanganyika na hewa inatosha kujaza pipa la taka la lita 60 kwa mchanganyiko unaoshika moto. Ndiyo maana kopo likipasuka pipani, cheche moja tu inatosha.

Kwenye moto ni vibaya zaidi. Butane peke yake, kwenye joto la nyuzi 20, ina msukumo karibu mara mbili ya hewa ya kawaida. Ikifika nyuzi 100 msukumo unakaribia mara 15, na moto wa taka unapita joto hilo haraka. Kitako cha kopo hubonyea kwa nje, mshono unaachia, na kopo linaruka likiwa na ndimi za moto.

Hatua ya 1: Pima kama kweli limekwisha. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza, bado lina kitu. Kama ni dawa nzima iliyobaki, usiimwage. Itumie au mpe jirani anayeihitaji.

Hatua ya 2: Toka nje. Simama mahali pa wazi, upepo ukikutoka mgongoni, mbali na jiko, sigara, jenereta na kisima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye mitaro na mashimo, kwa hiyo usifanyie kazi hii ukingoni mwa shimo la taka. Watoto na kuku wawe mbali.

Hatua ya 3: Lishike wima na ubonyeze. Ndani kuna mrija unaofika mpaka chini. Ukiligeuza kichwa chini mapema, gesi inatoka peke yake na dawa inabaki bila kitu cha kuisukuma. Bonyeza kidogo kidogo. Sikiliza na uguse: kopo likianza kuwa baridi mkononi, pengine mpaka litoe jasho, ujue maji ya gesi bado yanageuka kuwa mvuke. Hapa wengi huacha kwa sababu mlio umefifia. Liweke kivulini mpaka baridi iishe, kisha bonyeza tena. Rudia mpaka lisiwe na mlio wowote hata ukilielekeza kila upande, na lisipoe tena.

Usilitoboe kwa msumari wala kulipasua kwa shoka. Chuma kikigonga chuma hutoa cheche pale pale gesi inapotokea. Kama kichwa kimevunjika na halibonyezeki, liache lilivyo.

Hatua ya 4: Litenge. Weka makopo kwenye ndoo yake, kivulini na pakavu; jua la mchana juu ya bati linaweza kuyapasha kupita nyuzi 50, kikomo kinachoandikwa kwenye makopo mengi. Yale yaliyokwisha mpe mnunuzi wa chuma chakavu na umwambie wazi ni makopo ya kupulizia, asije akayagonga nyundo bila kujua. Lenye kichwa kilichovunjika mkabidhi mzoa taka mkononi, nje ya kiroba, na umweleze kwamba lina gesi.

Mkebe wa jiko la safari mara nyingi una butane tupu. Uwashe nje mpaka moto uzime wenyewe, subiri mkebe urudie joto la kawaida, jaribu tena, kisha uutenge na makopo mengine.

Mtungi wa kilo 3 au 6 hautupwi kabisa wala haumwagwi gesi nyumbani. Urudishe kwa muuzaji wa chapa yake, hata ukiwa na kutu. Ukinusa harufu, funga valvu, uutoe nje na uuweke wima, na usiguse swichi yoyote ya umeme. Kisha paka povu la sabuni kwenye valvu: mapovu yakikua, gesi inavuja. Mwite muuzaji aufuate ulipo, usiubebe kwenye bodaboda wala ndani ya daladala.