Kusoma mfereji na madoa meupe kwenye kucha

Mimi ni tabibu kwenye zahanati ndogo hapa Moshi. Wengi wakiona doa jeupe kwenye ukucha husema wamepungukiwa kalsiamu, wananunua vidonge. Mara nyingi hela hiyo inapotea bure.

Kwanza toa rangi yote, nawa, kisha kaa karibu na dirisha. Pitisha ncha ya kidole juu ya ukucha, kutoka kwenye ngozi kwenda mbele. Doa halina bonde. Mfereji utausikia, kidole kinazama kidogo.

Kama ni doa dogo, ukucha uligongwa pale unapoota, chini ya ngozi ya nyuma, wiki kadhaa zilizopita. Saluni wanaosukuma ngozi ile kwa nguvu husababisha sana. Doa litasogea mbele na ukucha mpaka ulikate.

Mfereji wa kukatisha unahitaji swali moja: uko kwenye vidole vingapi? Ukiwa kwenye kimoja, fikiria mlango uliokibana au uvimbe pembeni ya ukucha. Ukiwa kwenye vyote, karibu usawa mmoja, mwili mzima uliumwa kiasi cha kusimamisha uotaji. Daktari Mfaransa, Beau, aliieleza mifereji hii mwaka 1846.

Sasa chukua rula. Pima kidole cha kati, kutoka ukingo wa ngozi hadi katikati ya mfereji. Ukucha wa mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi. Ongeza kama mwezi mmoja, kwa sababu mfereji huanzia ndani ya ngozi na hukawia kutokeza. Hapo ndipo watu hukosea: wakisahau mwezi huo, tarehe haiendani na ugonjwa.

Katikati ya Septemba alikuja mama anayeuza mitumba Kiboriloni. Vidole vyote kumi vilikuwa na mfereji. Cha kati, milimita 8.

"Dokta, ni fangasi hii?"

"Hapana, mama. Mwishoni mwa Mei uliumwa nini?"

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole vilevile. "Nililazwa siku tano. Nimonia." Milimita 8 ni siku 80 hivi, ukiongeza mwezi unafika pale pale. Ila ukucha ulinipa wakati tu. Jina la ugonjwa alilitaja yeye; malaria kali au dawa za saratani zingeacha mfereji wa aina hiyohiyo. Na kwa kuwa ukucha mzima hubadilika kwa miezi sita hivi, alama za magonjwa ya zamani zaidi huwa zimeshakatwa.

Kitu kimoja usikipime kwa rula: mistari miwili miwili myeupe kwenye kucha kadhaa, isiyo na bonde, inayofifia ukibonyeza na isiyosogea mbele. Hiyo iko chini ya ukucha, na huonekana protini ya damu inaposhuka. Nenda ukapimwe ini na figo, hasa kama miguu imevimba.

Yule mama sikumpa dawa. Katikati ya Oktoba nilipima tena: milimita 11, na nyuma ya mfereji ukucha laini.