Stakingi katika pikoboli ya wawili wawili: jinsi ya kubaki upande wako bila kuvunja kanuni za sevu

Chukua timu ya wachezaji wawili. A ni mashoto, B anatumia mkono wa kulia. A akisimama kulia na B kushoto, foahendi zote mbili zinaangalia katikati, na mipira mingi ya wawili wawili hupita hapo hapo katikati. Wakibadilishana, katikati inabaki na bekihendi mbili, na wapinzani wenye macho watailenga hadi mechi iishe. Kwa hiyo A anataka kulia muda wote, B anataka kushoto muda wote.

Shida ni kwamba kila timu inayopiga sevu ikipata pointi, mpiga sevu huhamia nusu ya pili ya uwanja. Stakingi, yaani kusimama wote wawili upande mmoja kabla ya sevu kisha kuhamia pande zenu, ndiyo njia halali ya kulimaliza jambo hili.

Hatua ya 1: Jua kanuni inambana nani

Kanuni inawabana watu wawili tu katika kila sevu: anayepiga na anayepokea. Mpiga sevu awe ndiye mwenye zamu, na apige kutoka nusu sahihi. Mpokeaji naye awe ndiye mwenye zamu ya boksi lile. Wenza wao wanaweza kusimama popote upande wao wa wavu, hata nje ya mistari. Mpira wa sevu ukishapigwa, kila mtu yuko huru kwenda anakotaka.

Stakingi yote inakaa ndani ya uhuru huo. Mwenza anasimama mahali ambapo hatamzuia mwenye zamu, kisha wote wawili wanateleza kwenda pande zao.

Hatua ya 2: Mchague atakayeanza, kwa makusudi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu ikifanywa vizuri inapunguza hesabu ya mechi nzima. Pointi za timu yenu zikiwa shufwa (0, 2, 4 na kuendelea), aliyeanza mchezo kulia ndiye mwenye nusu ya kulia. Zikiwa witiri (1, 3, 5), nusu yake ni ya kushoto. Pointi za wapinzani hazihusiki kabisa.

Kwa kuwa A anataka kulia, A aanze. Hapo mnabaki na jambo moja la kukumbuka: pointi zetu ni shufwa, tunasimama kawaida, ni witiri, tunafanya stakingi. Akianza B, kanuni inageuka, na mtalazimika kujipanga tangu 0, wakati hata miili haijapata moto. Katika mashindano rasmi anayeanza huvaa alama inayoonekana, kwa mfano bendi ya mkononi. Hata mnapocheza kwa kujifurahisha, A aivae. Mkipotea katikati ya mchezo, itawarudisha.

Hatua ya 3: Kujipanga mnapopiga sevu

Pointi ni witiri na zamu ni ya A. Nusu yake ni kushoto, kwa hiyo anapiga sevu kutoka kushoto, karibu na katikati. B anasimama kushoto zaidi ya A, karibu na mstari wa pembeni au nje yake, nyuma ya mstari wa nyuma. Mpira ukiondoka, A anateleza kulia na B anaingia mahali alipotoka A.

Zamu ikiwa ya B, geuza picha: B anapiga kutoka kulia karibu na katikati, A amesimama kulia kwake, kisha B anateleza kushoto.

Mna muda wa kutosha, maana mpira unaorudishwa lazima udunde kwenu kabla hamjaupiga. Kwa hiyo msikimbilie mbele. Telezeni sambamba na mstari wa nyuma. Kosa linalojitokeza hapa ni papara ya miguu. Wakati padeli inagusa mpira, mguu wa mpiga sevu usiwe umevuka mwendelezo wa mstari wa katikati. Ukianza kuteleza kabla ya kupiga, ni kosa, na sevu imepotea.

Hatua ya 4: Kujipanga mnapopokea

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme pointi zetu ni witiri na sevu inakuja boksi letu la kulia. Mpokeaji ni B. A anasimama mbele kulia, usawa wa mstari wa jikoni, yaani mstari wa eneo la karibu na wavu ambako hairuhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda, miguu yote miwili nje ya mstari wa pembeni. Asisimame ndani: sevu ikimgusa kabla haijadunda, pointi ni ya wapinzani. B anarudisha, kisha anakimbia kimshazari hadi mstari wa jikoni upande wa kushoto. A anaingia ndani hatua moja.

Safari ya B ni ndefu: futi 15 kwenda mbele, na takribani futi 10 kukata kushoto. Kwa hiyo mpira anaorudisha uwe wa kina na wa juu kidogo, si wa kasi. Mimi humwambia B aupeleke moja kwa moja mbele yake, kwa mpinzani aliye upande wao wa kushoto. Huyo akitaka kuipiga nafasi iliyo wazi kushoto kwetu, itambidi apige mshazari, njia ndefu zaidi, na B anapata muda. Mpinzani wa upande wao wa kulia angeipiga nafasi hiyo kwa mpira ulionyooka.

Sevu ikija boksi la kushoto, anapokea A na kukimbilia kulia, B akisubiri nje ya mstari wa kushoto.

Hatua ya 5: Fuateni mfano huu hadi uingie kichwani

Tunaanza 0-0-2: pointi zetu, pointi zao, kisha namba ya mpiga sevu, na timu inayoanza mchezo hupewa mpigaji mmoja tu, anayehesabiwa wa pili. A anapiga sevu kutoka kulia, kawaida. Tunapata pointi: 1-0-2. Sasa ni witiri. A anapiga kutoka kushoto, B yuko pembeni yake, wanateleza. Tunapoteza rali, sevu inahamia kwa wapinzani.

Pointi yetu bado ni 1. Sevu yao ya kwanza inakuja boksi la kulia: B anapokea, A yuko nje kulia. Wakipata pointi, sevu inayofuata inakuja kushoto: A anapokea. Tuseme wanapoteza hiyo na ya mpigaji wa pili, sevu inarudi kwetu 1-1-1.

Simameni hapa, kwa sababu mtego uko hapa. Rali imeisha A akiwa kulia, na mkono unamwasha kuokota mpira na kupiga. Lakini pointi ni witiri, na mwenye nusu ya kulia ni B. A akipiga, amepiga asiye na zamu, na hilo ni kosa. B ndiye anayepiga, A amesimama kulia kwake. Tukipata pointi tunakuwa 2-1-1: B anapiga kutoka kushoto, A yuko kulia, hakuna stakingi. Tukipoteza, A anapiga kutoka kulia, 2-1-2.

Ndiyo maana pande mlizomalizia rali zisiwe ushahidi wa chochote. Kabla ya kugusa mpira, taja pointi kwanza, kisha mwenza aitikie "shufwa" au "witiri". Mechi ikiwa na refa, muulizeni kabla ya sevu kama mpigaji au mpokeaji ni sahihi, kanuni inaruhusu.

Kama mbio za kupokea zinawashinda

Fanyeni stakingi kwenye sevu zenu tu, na kwenye kupokea mbaki kila mmoja katika nusu yake. Mtacheza baadhi ya rali mkiwa pande msizozipenda, lakini ni bora bekihendi iliyokwisha kusimama jikoni kuliko foahendi ambayo bado iko njiani.