Kabla hujaisoma asilimia ya ufanano

Msimamizi aliyefungua ripoti ya Turnitin, programu ya kupima ufanano wa maandishi, akakuta 31% asimwite mwanafunzi kwanza. Namba hiyo inaonyesha tu kwamba maneno 31 katika kila 100 yamefanana na maandishi yaliyomo kwenye hazina ya programu. Kama yameibwa au la, haijui.

Anza na marejeleo. Kitabu kimoja kikitajwa na watafiti mia, wote mia wataandika jina, mwaka, mji na mchapishaji yuleyule. Kwa hiyo mwanafunzi mwangalifu ndiye ambaye orodha yake huwaka rangi zaidi, na inauma kuona akiadhibiwa kwa hilo. Washa `Exclude Bibliography`, kisha shuka mpaka mwisho uhakikishe kwa macho kwamba rangi zimeondoka. Programu huitambua orodha kwa kichwa chake, hivyo kichwa cha Kiswahili kinaweza kuipita. Ikitokea hivyo, ondoa orodha kwenye nakala ya kupimia kabla ya kuipakia.

Nukuu nazo zina `Exclude Quotes`, ila kichujio hiki hufuata alama. Alama za kunukuu zenye mkia mmoja hakizihesabu, na nukuu ndefu iliyosogezwa ndani bila alama huitambua kwenye faili la Word tu, si kwenye PDF. Ukishazichuja, rudi uzisome. Sura iliyojaa nukuu haina wizi, lakini pia haina hoja ya mwandishi.

Kisha kuna maneno ya desturi: ukurasa wa tamko, haki miliki, “aliyetia saini hapa chini anathibitisha kuwa amesoma tasnifu hii”, “sura hii imegawanyika katika sehemu zifuatazo”. Chuo ndicho kilichoagiza mengi ya hayo. Kurasa za mwanzo zitoe kabisa. Vipande vifupi vya katikati vichujwe kwa idadi ya maneno. Mimi huweka nane. Ukipandisha hadi thelathini utamficha anayeshona sentensi za watu kipande kwa kipande.

Chukua mfano wa tasnifu ya maneno 12,000 yenye 31%, yaani maneno 3,720 yaliyofanana. Marejeleo yachukue 1,320, kurasa za mwanzo 420, nukuu zenye alama na vyanzo 780, vipande vifupi 360. Yanabaki 840, sawa na 7% ya kazi yote.

Saba inaonekana ndogo, na wengi hufunga ripoti hapo. Usifunge. Fungua chanzo kimoja kimoja. Katika yale 840, huenda 530 yametawanyika kwenye vyanzo ishirini, mstari hapa, mstari pale, na 310 yote ni aya mbili zinazofuatana za sura ya pili, kutoka makala moja, bila alama wala jina la mwandishi. Mwite mwanafunzi sasa, ukurasa huo ukiwa wazi mezani, umuulize aya hizo alizipata wapi.