Somo: Kutunza mrija wa trakeostomi wodini, na la kufanya kateta inapokataa kupita

Somo hili linamhusu mgonjwa mzima anayepumua mwenyewe, mwenye mrija namba 8 wenye mrija mdogo ndani yake. Unapopokea zamu, hakikisha kitandani pake pana mashine ya kufyonza, oksijeni, ambu bagi, sirinji ya mililita 10 na mirija miwili ya akiba: mmoja namba ileile, mwingine mdogo kidogo.

Kufyonza. Toa 2 kwenye namba ya mrija, kisha zidisha kwa 2. Kwa namba 8 utapata kateta namba 12. Ingiza kateta bila kufyonza, ufyonze ukiitoa, kwa sekunde zisizozidi 10, presha isipite mmHg 150. Fyonza makohozi yanaposikika au pumzi inapokuwa nzito. Kufyonza kwa kufuata saa tu humchubua mgonjwa bure.

Mrija wa ndani. Utoe na kuukagua kila baada ya saa 4 hadi 8, uusafishe kwa salaini tasa, uukaushe na kuurudisha.

Unyevu. Hewa inayoingilia shingoni haikupita puani, kwa hiyo hufika ikiwa kavu. Badilisha kichujio cha unyevu kila siku, na mara tu kinapolowa makohozi. Makohozi yakivutika kama gundi, mpe nebulaiza ya salaini mililita 5.

Usiku mmoja nilimkuta mgonjwa anahema kwa kasi, oksijeni ya damu ikiwa asilimia 86, na kateta ikasimama baada ya sentimita chache. Tulipochomoa mrija wa ndani tulikuta ukoko wa makohozi umeuziba karibu wote, na pumzi ikarudi papo hapo. Kichujio chake kilikuwa kimelowa tangu mchana.

Kateta ikikataa hata baada ya hapo, ita msaada na umpe oksijeni nyingi usoni na shingoni pia. Toa hewa kwenye puto, ili apumue kando ya mrija. Asipopata nafuu, toa mrija wote. Asipopumua, ziba tundu kwa shashi na umpulizie kwa ambu bagi mdomoni.

Maswali ya wanachama

*Mrija ukitoka nusu, niusukume urudi?*
Hapana, hasa kama upasuaji haujatimiza wiki. Njia bado haijakomaa, na mrija unaweza kuingia kwenye nyama iliyo mbele ya trakea. Ukimpulizia, shingo itavimba na ngozi italia chini ya vidole. Fuata hatua za dharura hapo juu.

*Na aliyeondolewa zoloto?*
Kwake mdomo hauunganiki tena na mapafu, kwa hiyo hewa ya ambu bagi hupitishwa shingoni tu, na tundu halizibwi kamwe. Bandika tangazo juu ya kitanda chake, kwa kuwa anayekuja mbio usiku hatapata muda wa kusoma faili.