Somo: Kusoma nguvu ya mwanga na hesabu za makosa kwenye modemu ya faiba

Wengi hapa Mbeya wakiona taa ya PON imetulia kijani na ile ya LOS, inayoonya mwanga ukipotea, haiwaki, wanaamini laini ni nzima. Taa hiyo inajibu swali moja tu, kwamba modemu imeonana na mtambo wa kampuni. Haikwambii mwanga unafika kwa nguvu gani, wala ni data kiasi gani inaharibika njiani. Majibu hayo yamo ndani ya modemu yenyewe, na unaweza kuyasoma kwa simu yako.

Hatua ya 1: Ingia kwenye modemu

Unganika na Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari, andika `192.168.1.1` au `192.168.100.1`. Anwani sahihi, jina na neno la siri huwa kwenye kibandiko chini ya modemu. Ukiingia, tafuta ukurasa wenye `Optical` au `PON`. Baadhi ya modemu huuficha ukurasa huu kwa mtumiaji wa kawaida. Hapo mwombe fundi aliyekufungia akusomee.

Hatua ya 2: Soma mwanga unaoingia

Tafuta `Rx Power`, `RX Optical Power` au `Optical Module Input Power`. Namba itakuwa hasi, mfano -21.3 dBm. Kadiri inavyokwenda mbali na sifuri, ndivyo mwanga unavyokuwa hafifu. Modemu nyingi za GPON zimetengenezwa kupokea kati ya -8 na -27. Mimi laini ikifika -25 naanza kuifuatilia, kwa sababu imebaki na akiba ndogo: kiunganishi kikishika vumbi kidogo tu, inavuka mpaka.

Kumbuka kila dB 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Zikipotea 6, imebaki robo.

Kuna jambo ambalo hata mafundi hulipita. Kipimo cha ndani ya modemu kinaruhusiwa kukosea hadi dB 3 kwenda juu au chini. Kwa hiyo ukiwa na -22 na jirani ana -20, hiyo haithibitishi kwamba laini yako ni mbovu. Linganisha modemu yako na yenyewe. Siku ya kufungiwa, piga picha ukurasa huo na uitunze. Siku ya matatizo utajua mwanga umeshuka kwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Soma makosa mara mbili

Modemu zinazoonyesha makosa huyaweka chini ya `PON Statistics`. `FEC Errors` ni makosa ambayo modemu imeyagundua na mengi imeyarekebisha yenyewe: kila fungu la baiti 255 lina baiti 16 za akiba, na kwa hizo modemu inaweza kutengeneza hadi baiti 8 zilizoharibika. `HEC Errors` ni vichwa vya vifurushi vilivyofika vimeharibika. Hiyo ya pili ndiyo inayoumiza, maana kifurushi kinaweza kupotea kabisa.

Namba moja peke yake haina maana. Hesabu hizi hujumlishwa tangu modemu ilipowashwa, na umeme ukikatika zinaanza sifuri. Andika namba pamoja na saa, tumia intaneti kama kawaida kwa saa nzima, kisha soma tena. Tofauti ndiyo kipimo chako.

Mfano: duka la steshenari, Mwanjelwa

Mwenye duka alilalamika kwamba mazungumzo ya video yanakwama na mafaili makubwa yanasitasita. Taa zote zilikuwa sawa. Saa 3:00 asubuhi modemu ilisoma hivi:

```
Rx Power     -27.6 dBm
FEC Errors   41870
HEC Errors   12
```

Saa 4:00 FEC ilikuwa 58310 na HEC 31. Yaani ndani ya saa moja FEC imeongezeka 16440 na HEC 19. Picha ya siku ya kufungiwa ilionyesha -21.3, kwa hiyo zimepotea dB 6.3, chini kidogo ya robo ndiyo inayofika. Hapo picha inakamilika: mwanga umepungua, modemu inahangaika kurekebisha, na mara mojamoja inashindwa.

Jirani aliyefungiwa kutoka boksi lilelile la nguzoni alikuwa na -20.8 na makosa yake hayapandi. Tofauti ya karibu dB 7 ni kubwa kuliko kosa la kipimo. Basi tatizo lilikuwa kati ya boksi na duka, si upande wa mtambo.

Tuliufuata waya kutoka mlangoni. Kabati la chuma lilikuwa limesogezwa, likaubana waya ukutani na kuukunja kona kali. Faiba ya kawaida haitakiwi kukunjwa mviringo mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Mwanga huvujia kwenye kona. Kabati likavutwa, waya ukanyooshwa, namba ikarudi -21.9. Saa moja baadaye FEC ilikuwa imeongezeka 3 tu, HEC haikusogea.

Kama waya haujabanwa, anayefuata kushukiwa ni kiunganishi. Zima modemu, chomoa, safisha ncha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi, rudisha. Cha kijani kichomekwe kwenye kijani tu. Usichungulie ncha ya waya kamwe: mwanga ule hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Iringa:* Shikamoo mwalimu. Yangu ina FEC milioni mbili na Rx ni -19. Nimwite fundi?

Marahaba. Usimwite bado. Angalia kwanza modemu imewaka muda gani. Kama ni miezi, milioni mbili si ajabu. Soma mara mbili kwa saa moja. HEC isiposogea, laini yako haina shida.

*Mwanachama, Tukuyu:* Kaka, ofisini kwetu bado ni waya wa shaba wa simu. Mvua ikinyesha intaneti inakatika. Nisome nini?

Kwenye DSL soma `SNR Margin` na `CRC`. Margin ni akiba ya laini juu ya kelele; mara nyingi mtambo hulenga dB 6. CRC ni hesabu ya data iliyofika imeharibika. Iandike siku ya jua na siku ya mvua. Ikishuka kutoka 9 hadi 2 mvua inapoanza na CRC zikapanda kwa kasi, maji yanaingia kwenye kiungo mahali fulani. Inua simu ya mezani usikilize: mkwaruzo wakati wa mvua ni ushahidi wa pili. Fundi aitwe mvua ikiwa inanyesha au kiungo kikiwa bado kimelowa, kwa sababu kikikauka atapima na kukuta laini nzuri.

*Mwanachama, Uyole:* Rx -20, makosa hayapandi kabisa, lakini usiku kasi ni ndogo mno.

Basi laini yako haina kosa, ndugu. Unganisha kompyuta kwa waya, upime kasi mchana na usiku. Kwa waya ikiwa nzuri, angalia Wi-Fi. Hata kwa waya ikishuka usiku tu, ni msongamano upande wa kampuni. Wapelekee vipimo vya kasi vyenye saa, pamoja na picha ya Rx, ili wasianze kukubadilishia waya.

*Mwanachama, Njombe:* Mimi nimefungiwa jana, Rx ni -6.8. Nafurahi, ni kubwa kuliko za wote hapa!

Imepita kiasi, dada. Juu ya -8 mwanga unazidi uwezo wa kipokezi, na makosa yanaweza kupanda kama kwenye laini hafifu. Mwombe fundi aweke kipunguza mwanga cha dB 10; utasoma karibu -17.