Kabla ya kuwatafsiria wageni maagizo ya boti, jile na tuba

Karatasi niliyopewa kutafsiri ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili, ya maagizo ya kuvaa jile, yaani koti la kuokolea maisha majini, na ya kuogelea kwa tuba, mrija wa kupumulia uso ukiwa majini. Ilionekana wazi kwamba iliandikwa kwa ajili ya bahari. Ilitaja matumbawe na maji ya chumvi. Sisi tulikuwa tunaondokea hapa Goma, kwenye Ziwa Kivu, na wageni 11: familia moja ya mjini, mzee wao, watoto wawili, na binamu yao aliyetoka Dar es Salaam. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye sentensi niliyoiona nyepesi kuliko zote: "Hairuhusiwi kuvua ndani ya boti." Mzee aliisikiliza, akanijibu kwa heshima kwamba wao hawakuja na nyavu.

Ziwani, neno "kuvua" linamleta msikilizaji kwenye sambaza, samaki wetu wadogo, kabla halijamleta kwenye nguo. Nikabadilisha haraka, nikasema kama tunavyosema nyumbani: "Musitoshe jile." Familia ikaelewa. Binamu wa Dar akabaki ananiangalia, kwa sababu kwake "kutosha" ni kuenea, si kutoa. Kwa hiyo, kabla hujaandika lolote, jua nani atakaa mbele yako. Wageni wakiwa wamechanganyika, ni salama zaidi kuacha katazo na kueleza hali inayotakiwa: "Jile linakaa mwilini, limefungwa, tangu kabla hujaingia kwenye boti mpaka miguu ikanyage nchi kavu." Sentensi hiyo haina neno la kugombania, na hata mtoto anaweza kuirudia.

Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, sihitaji kumshawishi mtu wa Goma kwamba jile ni la lazima. Shida iko kwenye namna ya kulivaa. Ukisema "funga jile", wengi watabonyeza kifungo cha kifuani, wataacha mikanda ya ubavuni ikining'inia, na watakuwa wamekutii kabisa. Tumia maneno mawili: funga, halafu kaza. Kisha onyesha kipimo chenyewe. Simama nyuma ya mtu, shika jile mabegani, livute juu. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, halijakazwa au ni kubwa kwake, na majini litamtoka kichwani wakati yeye anazama chini yake. Kwa watoto, mkanda unaopita katikati ya miguu ndio unaozuia jambo hilo. Wazazi huuona kama pambo na kuuacha, kwa hiyo utaje kwa jina na usubiri uuone umefungwa. Jile la mtu mzima halimfai mtoto hata likikazwa mpaka mwisho. Soma uzito ulioandikwa ndani yake.

Hapo karatasi yangu ilijipinga yenyewe. Ukurasa wa kwanza ulisema jile lisitolewe kamwe. Wa pili ulisema mgeni alale kifudifudi juu ya maji, maski usoni, tuba mdomoni. Jile zuri la boti limetengenezwa ili limgeuze mtu uso juu. Ukimwambia alale kifudifudi nalo, atapigana nalo mpaka achoke. Kazi hiyo ina jile lake jingine, jembamba, la kupuliza kwa mdomo. Nilimuuliza kiongozi wa safari, naye akathibitisha kwamba wanabadilisha wakati boti imesimama na moteri imezimwa, mtu mmoja mmoja, wakiwa wamekaa. Basi nikayapa majina mawili, "jile la boti" na "jile la tuba", na sikusema tena "jile" peke yake hata mara moja. Mfasiri akikuta maagizo mawili yanagongana asichague kwa akili yake. Amuulize mwenye boti kabla ya siku ya safari. Niliifuta pia sentensi iliyoahidi kwamba maji yatakubeba bila shida. Maji ya chumvi hubeba mtu zaidi ya maji baridi ya ziwa letu, na aliyezoea Bahari ya Hindi atashangaa kidogo.

Ishara ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi. Majini, mkono mmoja ulionyooshwa juu na kupungwa huku na huku maana yake ni "njooni, nahitaji msaada". Kwetu, mtu akifurahi na kumwona mama yake kwenye boti, anafanya hivyo hivyo kumsalimu. Kutafsiri maana peke yake hakutoshi. Lazima uikataze salamu: "Ukiwa ndani ya maji, usimpungie mtu mkono kumsalimu, hata mtoto wako." Ishara ya kusema niko sawa, kwa mtu aliye mbali na boti, ni kuweka mkono juu ya kichwa ili kiwiko kitoke pembeni na mkono ufanye duara. Nayo dole gumba lililoinuliwa, ambalo sisi sote tunalitumia kusema "sawa", kwa wazamiaji maana yake ni "panda juu". Nikawaomba waliache kabisa siku hiyo, ili wasimchanganye kiongozi.

Kuna jambo ambalo karatasi haikulitaja na mimi nililiongeza kwa idhini ya kiongozi: mtu anayezama kweli mara nyingi hawezi kupunga mkono wala kuita. Mikono yake inasukuma maji chini, mdomo unatafuta hewa, na kwa aliye kwenye boti anaonekana kama ametulia tu. Ndiyo maana kiongozi anauliza kwa ishara, na kila mtu anatakiwa kumjibu kwa ishara ile ile. Asiyejibu anafuatwa kana kwamba ameomba msaada. Nilipolieleza hivyo, mzee alielewa kwa nini anasumbuliwa kila baada ya dakika chache, akaacha kuona kwamba anachungwa kama mtoto.

Tulifanya mazoezi tukiwa tumesimama ufukweni, nusu saa kabla ya kupanda. Sikuuliza "mmeelewa?" kwa sababu hakuna atakayesema hapana mbele ya wakwe. Nilitaja hali, wao wakafanya ishara: umechoka na huwezi kurudi, uko vizuri lakini uko mbali. Mara ya kwanza, watu wanne kati ya 11 waliinua dole gumba. Mara ya tatu hakuna aliyekosea. Vivyo hivyo, usiulize "unajua kuogelea?" Muulize kila mtu pembeni, kwa sauti ndogo, ni lini mara ya mwisho aliogelea mahali ambapo miguu haigusi chini. Wawili waliniambia ukweli hapo, nao wakabaki kwenye boti na jile lao.

Sehemu ya karatasi iliyohusu kutua ufukweni niliifupisha kuwa neno moja, mazuku, yaani hewa ya sumu inayotoka ardhini. Mtu wa Goma anajua kwamba hewa ile nzito hulala kwenye mabonde na huua kimya kimya. Binamu wa Dar ndiye niliyemweleza kwa kirefu asiteremke kwenye shimo wala bonde peke yake.

Mwisho tukapanga kuhesabiana, kila mtu na namba yake, akiitaja kwa sauti kabla moteri haijawashwa tena. Hapa pia lugha inaingia, kwa sababu wengi wetu tunahesabu kwa Kifaransa bila kufikiri, na mtoto mmoja aliijua namba yake kwa Kiswahili tu. Tukakubaliana Kiswahili kwa wote, nikaandika namba kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kila mkono.